Maswali yenu kuhusu UPR: "kuzingatia" maana yake nini, na Geneva ina nguvu gani?

"Kaka, hao wanaotukagua Geneva ni majaji? Nani kawapa mamlaka?" (Msomaji, Mbagala)

Hakuna jaji pale. UPR ni zamu ya kila nchi kukaguliwa na nchi nyingine kuhusu haki za binadamu: ni serikali zinazoulizana. Umoja wa Mataifa ulianzisha utaratibu huu mwaka 2006, pamoja na Baraza la Haki za Binadamu lenyewe, na vikao vya kwanza vilifanyika Aprili 2008. Nchi zote 193 hupitiwa kwa zamu, kila moja baada ya takriban miaka minne na nusu hadi mitano. Tanzania imeshapita mara tatu: 2011, 2016 na Novemba 2021.

Kikao cha nchi moja ni saa tatu na nusu. Serikali inayokaguliwa ina dakika 70 za kujieleza, na wengine wote wanagawana dakika 140 zinazobaki. Zikijiandikisha nchi 100 kusema, kila moja inapata sekunde 84. Humo mwakilishi anatakiwa asalimie, apongeze, kisha atoe mapendekezo yake mawili matatu. Kama umewahi kumsikia mshereheshaji wa harusi akiharakisha zawadi kwa sababu ukumbi unafungwa saa sita, umeshakiona kikao cha UPR.

Mbele ya wajumbe kuna nyaraka tatu: ripoti ya serikali yenyewe, mkusanyiko wa yale ambayo vyombo vya Umoja wa Mataifa vimeshaandika kuhusu nchi hiyo, na muhtasari wa taarifa za asasi za kiraia na wadau wengine. Huo wa tatu ndio wanaharakati wa hapa Dar wanaoupigania.

"Shikamoo. Nimesoma kwamba serikali 'imezingatia' mapendekezo kadhaa ya UPR. Si ndiyo kuyakubali?" (Mama wa Tabata)

Marahaba, na hapana. Lugha yetu imewasaidia sana wanadiplomasia hapa. Kwetu, mtu akisema amezingatia ushauri wako, unajua ameuchukua na ataufanyia kazi. Geneva ni kinyume. Kanuni za Baraza za mwaka 2007 zinaipa nchi majibu mawili tu: kuunga mkono pendekezo, au kuacha liandikwe kwamba limesikiwa. Neno "kukataa" halimo. Kwa hiyo ukisoma "yamezingatiwa", soma "tumekataa kwa adabu". Tafsiri iliyo karibu zaidi na ukweli ingekuwa "tumeyasikia".

Hata lililokubaliwa, litazame kitenzi chake kwanza. Mtafiti mmoja, Edward McMahon, aliyapanga mapendekezo katika ngazi tano, na kitenzi ndicho kinachotangulia kuamua ngazi. Chini kabisa ni yale ya kuomba msaada au kubadilishana uzoefu. Yanafuata ya "endelea na juhudi", kisha "angalia uwezekano wa", kisha ya jumla kama "chukua hatua dhidi ya". Juu ni yale yanayotaja jambo lenyewe: rekebisha sheria hii, ridhia mkataba ule. Hayo ya juu ndiyo nchi hukataa zaidi, na ya "endelea na juhudi" karibu kila nchi huyapokea kwa mikono miwili. Nani atakwambia hukuendelea?

Ndiyo maana takwimu ya "tumekubali zaidi ya nusu" hainishtui wala hainifurahishi. Nataka kuona yapi.

"Mabinti waliojifungua wameruhusiwa kurudi shule. Hiyo ni kazi ya UPR au wanaharakati wanajisifu?" (Mwalimu, Temeke)

Mwalimu, hili tulifuate kwa tarehe. Kanuni za mwaka 2002 zilimruhusu mkuu wa shule kumfukuza mwanafunzi kwa makosa ya maadili, na ujauzito ukahesabiwa humo. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shule. Tarehe 5 Novemba 2021 Tanzania ikakaa Geneva, na nchi kadhaa zikagusa jambo hilihili. Tarehe 24 Novemba, siku 19 baadaye, Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba wanarudi.

Ukiishia hapo, utasema UPR imeshinda. Ila mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa elimu ya sekondari baada ya mvutano mkubwa juu ya mabinti hawa. Kesi ilikuwa imeshafika kwenye kamati ya Afrika ya haki za mtoto. Na Machi 2021 nchi ilikuwa imepata Rais mwingine. Mimi naona Geneva iliipa serikali tarehe ya kujibu mbele ya watu, si sababu ya kubadilika. Lakini tarehe nayo si kitu kidogo: Machi 2022 ilibidi irudi mbele ya Baraza na majibu yake rasmi, na kwa hili ilikuwa na la kusema.

Sasa linganisha na umri wa ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinavunja Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, UPR ya 2021 ikaja na kwenda, na sheria ikabaki vilevile. Kama hukumu ya mahakama yetu ya juu kabisa haikuisukuma, sekunde 84 za balozi zingeisukumaje?

Tofauti nyingine ni uzito wa kazi. Wizara ilihitaji waraka tu kuwarudisha mabinti, na waziri mwingine anaweza kuuondoa kwa waraka mwingine. Ndoa inahitaji Bunge.

"Kikundi chetu Vingunguti tuna kesi ya kijana aliyepigwa kituoni. Tuipeleke UPR?" (Katibu wa kikundi)

UPR haisikilizi kesi ya mtu mmoja na haitamlipa fidia. Kwa huyo kijana anzeni na wakili wa msaada wa kisheria na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Ila kesi yake inaweza kuwa mfano ndani ya taarifa yenu, akiridhia mwenyewe. Taarifa ya asasi moja ina ukomo wa maneno 2,815. Mkiungana na wenzenu, 5,630. Hupelekwa miezi mingi kabla ya kikao. Niliwahi kukaa na vijana wa asasi moja Kinondoni usiku kucha tukikata maneno. Kilichokatwa kwanza kilikuwa ukurasa mzima wa historia ya asasi yao, na waliumia kweli. Kilichobaki kilikuwa matukio manne, kila moja na tarehe, mahali, kifungu cha sheria kilichovunjwa na pendekezo la sentensi moja ambalo balozi angeweza kulisoma kama lilivyo.

Sentensi hiyo ndiyo yenye kazi, kwa sababu asasi haziruhusiwi kusema ndani ya kikao chenyewe. Nendeni kwenye balozi hapahapa Dar miezi michache kabla, na karatasi moja tu mkononi. Balozi moja ikiichukua, mmesema.

"Nchi ikigoma kwenda, inafanywa nini?" (Msomaji, Kigamboni)

Januari 2013 Israeli haikutokea. Baraza halikuwa na adhabu ya kutoa, likaahirisha, na Oktoba mwaka huohuo wakaja. Novemba 2025 kiti cha Marekani nacho kilikuwa kitupu. Baraza likaahirisha tena.