Kuvunja ubia huku mali zikiuzwa kidogo kidogo: kila mmoja alipwe ngapi?

Swali: "Wakuu, ubia wetu wa watu watatu unavunjwa. Mali zinauzwa moja moja, na wenzangu wanataka kila hela ikiingia tugawane hapo hapo kwa uwiano wa faida. Ni sawa?"

Si sawa, mkuu. Uwiano wa faida ni wa kugawana faida na hasara. Pesa inayobaki baada ya kuwalipa wadai ni mitaji yenu inarudi, na mtaji wa kila mmoja una kiasi chake. Shida ni kwamba leo hamjui mali zilizobaki zitauzwa bei gani. Kwa hiyo kila awamu unachora jedwali la malipo salama: unajifanya kila kisichouzwa hakitaleta hata senti, na kwamba mbia atakayeingia kwenye deni hatakuwa na cha kurudisha. Anayebaki na salio hata kwenye hali hiyo mbaya ndiye unayeweza kumlipa bila wasiwasi.

Niliwahi kushika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi likifungwa. Majina nimebadilisha na tarakimu nimezinyoosha. Asha alikuwa na mtaji wa milioni 61, Badi 40, Chande 9, na faida waligawana 5:3:2. Wadai wa nje walidai milioni 20. Mali zilikuwa pesa taslimu milioni 5, bidhaa za milioni 55 na Fuso ambayo vitabuni ilisimama milioni 70.

Bidhaa zikauzwa zote kwa milioni 45. Hasara ya milioni 10 ikashusha mitaji hadi 56, 37 na 7. Mkononi kukawa na milioni 50. Wadai wakalipwa 20 zao, na milioni 5 tukaziweka kando kwa gharama za kumalizia, kama dalali na ada za kuhamisha umiliki wa gari. Zikabaki 25 za kugawa. Hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea ni Fuso nzima pamoja na ile akiba, yaani milioni 75:

| | Asha | Badi | Chande |
|---|---|---|---|
| Mtaji uliopo | 56 | 37 | 7 |
| Hasara ya kudhania (75) | (37.5) | (22.5) | (15) |
| Salio | 18.5 | 14.5 | (8) |
| Pengo la Chande, 5:3 | (5) | (3) | 8 |
| Malipo salama | 13.5 | 11.5 | 0 |

Jumla ya mstari wa mwisho lazima iwe sawa na pesa unayogawa, hapa 25. Isipolingana, mara nyingi ni akiba ya gharama iliyosahaulika kwenye hasara ya kudhania. Zingatia pia kwamba hasara hii haiingizwi vitabuni. Kinachoingia ni malipo tu, na mitaji inabaki 42.5, 25.5 na 7.

Chande alikuja juu, na unaweza kumwelewa: wenzake wanaondoka na mamilioni, yeye mikono mitupu. Alitaka zile 25 zigawanywe 5:3:2 apate milioni 5 yake. Nikamwambia jina lako halijafutwa, mtaji wako wa milioni 7 uko pale pale, unasubiri Fuso.

Fuso ikaja kuuzwa milioni 40, na gharama zikala 3 kati ya zile 5. Hasara halisi ikawa milioni 33, na mgao wa Chande humo ni 6.6. Akachukua laki 4, Asha milioni 26, Badi 15.6, na akaunti zikafungwa kwenye sifuri. Kama angepewa ile milioni 5 mwanzoni, angekuwa amebaki na mtaji wa milioni 2, na sasa angedaiwa milioni 4.6. Nani angemfuata kuzidai? Mkiwa na mali zaidi ya moja ya kuuza, jedwali linachorwa upya kila pesa inapoingia, kwa mitaji mipya.

Mambo mawili yanabadilisha hesabu. Mbia akiwa ameukopesha ubia, jumlisha mkopo wake na mtaji kabla ya kupima hasara, kwa sababu pengo lake linakatwa humo kwanza. Akistahili malipo, mkopo ndio unaanza kulipwa.

Jingine ni pengo la Chande. Mimi nililigawa 5:3 kwa sababu mkataba wao ulisema hivyo. Mkataba ukiwa kimya, kesi ya Uingereza ya Garner v Murray ya mwaka 1904 inataka wabia wenye uwezo wabebe pengo la asiyejiweza kwa uwiano wa mitaji iliyokubaliwa mwisho. Hapa ingekuwa 61:40, Asha apate kama milioni 13.67 na Badi 11.33. Tofauti ni ndogo, lakini amueni mnafuata ipi, muiandike na kusaini kabla ya malipo ya kwanza, maana baada ya hapo kila mtu atapenda ile inayompa zaidi.