Mrushaji wa mkono wa kushoto na mwizi wa besi ya pili

*Vijana wangu wa besiboli wametoka ligi ya watoto mwaka huu. Mrushaji akiwa wa mkono wa kulia wanaiba besi ya pili vizuri. Akija wa kushoto, wananaswa besi ya kwanza au wanaganda. Wajitenge na besi hatua ngapi? – Kocha, Mukono*

Kocha, tatizo kubwa si hatua, ni huko kuganda. Katika ligi ya watoto wa hadi miaka 12 mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi kabla mpira haujamfikia mpigaji. Hata timu ya Lugazi iliyofika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012 ilicheza kwa kanuni hiyo. Kusoma miguu ya mrushaji ni somo jipya kwao.

Anza na saa. Tuseme mrushaji anatumia sekunde 1.5 tangu anyanyue mguu hadi mpira uingie kwenye glavu ya mdakaji, na mdakaji anatumia 2.1 kuufikisha besi ya pili. Jumla ni 3.6. Kijana wako amejitenga mita 3.5 na anafika kwa sekunde 3.5. Akipunguza nusu mita kwa kuhofia kunaswa, anapoteza kama sekunde 0.07 tu, bado ana nafasi. Akisubiri aone mpira unaelekea wapi, anapoteza 0.2 au zaidi, na hapo ameshatolewa.

Mrushaji wa kushoto anaitazama besi ya kwanza, na mguu wake wa kulia ukiwa juu anaweza kurusha kwa mpigaji au besi ya kwanza. Mguu huo ukivuka ukingo wa nyuma wa kibao anachokikanyaga, hawezi tena kurusha besi ya kwanza. Akirusha ni kosa, na mkimbiaji anapewa besi ya pili. Wajanja wanausimamisha kabla haujavuka, kwa hiyo anayesubiri uvuke anachelewa.

Mimi ningemwambia kijana ajitenge mita 3, kisha aondoke mara tu mguu wa kulia unaponyanyuka. Mpira ukienda besi ya kwanza, asigeuke. Mdakaji wa besi hiyo lazima aupokee, ajiweke pembeni ya njia ya mkimbiaji, kisha arushe karibu mita 27, na vijana wengi hapo hurusha ovyo. Anayesita katikati ndiye anayebanwa na watu wawili.

Hatari iliyobaki ni mrushaji kuutoa mguu wa kushoto nyuma ya kibao na kurusha kwa mkono tu, bila kunyanyua wa kulia. Mguu wa kushoto ukitikisika kwanza, kijana ajirushe kurudi, mkono wa kulia uguse kona ya besi iliyo mbali na mrushaji.

Mita 3 si amri. Mazoezini, mwambie mrushaji wako atumie mbinu hiyo ya haraka. Kijana akirudi kwa kutembea, aongeze nusu hatua. Akijirusha na bado akaguswa, apunguze.