Taya linauma kila asubuhi: gutieri laini na gutieri ngumu hazifanyi kazi moja

Mama mmoja wa Kampemba, mwalimu wa shule ya msingi, ameniandikia juma hili: "Yaya, ninasaga meno usingizini, nikanunua gutieri ya farmasi, kile kifuniko cha meno cha kuvaa usiku, ile unatia kwenye maji ya moto halafu unaiuma ishike umbo la meno. Bwana yangu hasikii tena kelele za meno usiku. Lakini nikiamka taya linauma kuliko zamani. Niendelee kuvaa?"

Mama, iache kwanza. Nitaeleza kwa nini, ila nianze na yaliyonipata mimi, maana wengi wenu mnatafuta maisha kama nilivyoyatafuta na mnaweza kuangukia mikono ile ile.

Nilikuwa natoa mizigo forodhani Kasumbalesa. Lori likichelewa, unakesha nalo: kahawa, sigara, tena kahawa, simu ya mwenye mali kila saa. Nikirudi Lubumbashi nalala kama mzigo, lakini asubuhi taya limekaza, kufungua kinywa kwa kipande cha mkate ni kazi, panja zote mbili zinagonga, na maumivu yamekaa chini kushoto kwenye gego. Nikaenda kliniki moja mjini. Nilipotamka tu kwamba jino linauma, wakaling'oa. Hawakuligonga, hawakulipulizia hewa baridi, hawakupiga picha. Kesho yake niliamka na maumivu yale yale, mahali pale pale, na jino halipo. Mpaka leo ulimi ukipita kwenye lile pengo, hasira inanirudia.

Daktari wa meno niliyemwona baadaye aliniwekea vidole viwili shavuni, karibu na pembe ya taya, akasema, "Papa, uma meno kwa nguvu." Msuli ukavimba chini ya vidole vyake kama fundo. Alipoubonyeza, maumivu yakashuka moja kwa moja hadi kwenye pengo. Msuli ule wa kutafunia ukichoka hupeleka maumivu yake kwenye magego, na mtu anaapa kwamba ni jino. Kipimo hiki unaweza kujifanyia mwenyewe kitandani kabla hujainuka.

Jino bovu lina tabia zake: linashtuka kwa maji baridi, kwa moto au kwa sukari, linauma likigongwa peke yake, na mara nyingi linakuamsha usiku. Msuli uliosaga usiku kucha unauma zaidi unapoamka, kisha unalegea kadiri saa zinavyokwenda. Tazama pia kwenye kioo: chonge zilizokatika ncha zikawa bapa, na mstari mweupe ndani ya shavu usawa wa meno. Ikiwa maumivu yanaongezeka kuelekea jioni, basi huenda unauma meno mchana, kazini, bila kujijua. Huyo dawa yake ya kwanza ni kujizoesha: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia nyuma ya meno ya juu ya mbele. Meno ya juu na ya chini hukutana wakati wa kula na kumeza, baada ya hapo yanapaswa kuachana.

Kusaga kwa usiku mara nyingi huja pale usingizi unapokatika kidogo, ubongo ukishtuka kwa sekunde chache bila wewe kuamka. Kwa hiyo tafuta kinachokatakata usingizi wako. Kwangu ilikuwa kahawa ya usiku, sigara na mawazo ya mizigo. Kwa mwingine ni bia za jioni, ambazo zinaleta usingizi haraka kisha zinauharibu. Kuna pia dawa za huzuni, kama fluoksetini, sertralini na paroksetini, ambazo kwa baadhi ya watu huanzisha kusaga. Kama taya lilianza kuuma majuma machache baada ya kuanza dawa hizo, mwambie daktari aliyekuandikia, apunguze kipimo au abadilishe, usizikate mwenyewe. Na wale wanaowapa watoto dawa ya minyoo kila wanaposikia meno yanasagana usiku: mtoto anaweza kusaga bila mnyoo hata mmoja, na wengi huacha wenyewe wakikua.

Sasa gutieri. Hakuna hata moja inayoponya kusaga. Inapokea kipigo badala ya meno, na ikitengenezwa vizuri inaupumzisha msuli.

Ile laini ya maji ya moto inazuia meno yasigongane, ndiyo maana bwana wa mama yule halalamiki tena. Lakini ni kitu kinachobonyea, na taya la msagaji likipata kitu kinachobonyea linakitafuna kama shingamu. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Jeffrey Okeson, aliwapima watu 10 wakiwa usingizini: gutieri ngumu ilipunguza kazi ya msuli kwa watu 8, laini ilipunguza kwa 1 tu na kuiongeza kwa 5. Watu 10 ni wachache, lakini matokeo hayo yanafanana na ninayosikia kwa wasomaji wangu. Laini inamfaa mtu anayesaga kidogo, asiye na maumivu, kwa muda mfupi. Aliyeamka na taya linalouma asiitegemee.

Ngumu ni ya resini, inafunika meno yote ya juu au yote ya chini, unene wake kama milimita 2 au 3. Daktari anachukua umbo la meno yako kwa uji mzito unaoganda kinywani, linamiminwa plasta, fundi anatengeneza juu yake. Lakini kazi yenyewe iko kwenye kiti, siku ya kuivaa. Daktari wangu aliweka karatasi ya bluu katikati, nikauma, akatazama madoa. Upande wa kulia madoa yalikuwa mazito, kushoto karibu hakuna. Akasaga resini kidogo pale penye doa zito, karatasi tena, nikauma tena, mpaka kila gego likaacha doa dogo linalolingana na mwenzake. Baada ya siku chache alirudia, kwa sababu msuli ukilegea taya linakaa tofauti. Mtu akikukabidhi gutieri ngumu bila ile karatasi, ndugu yangu, usiivae: sehemu moja iliyoinuka inatosha kukuletea maumivu mapya.

Iko ya tabaka mbili, laini ndani na ngumu nje. Wanaoshindwa kuvumilia ngumu huipenda, nayo pia inahitaji karatasi. Iko nyingine ndogo inayoshika meno ya mbele tu. Ninawasihi msiivae miezi na miezi bila kuangaliwa, kwa sababu magego yanayobaki hewani yanaweza kupanda, na siku moja unagundua meno ya mbele hayakutani tena.

Anayekoroma sana, anayekatika pumzi usingizini au anayeamka amechoka, apimwe usingizi kabla ya gutieri yoyote. Kwa baadhi ya watu wenye tatizo hilo, gutieri bapa ya taya la juu huzidisha kukatika kwa pumzi. Wao wana kifaa chao kinachosukuma taya la chini mbele.

Ukishaipata, ioshe kwa maji ya baridi, sabuni ya kawaida na mswaki laini, kamwe si maji ya moto, maana yataipinda. Ukiivua asubuhi, meno yakionekana hayakutani sawa kwa dakika chache, hilo ni la kawaida. Yakikaa hivyo hadi mchana, irudishe kwa daktari siku hiyo hiyo, na uende nayo mfukoni, kwa sababu bila yenyewe hawezi kuona kosa liko wapi.