Kuki zangu zinavimba kama keki

"Naweka mayai mawili mazima kwa unga gramu 250. Nataka za kutafunika, zinatoka kama keki. Nipunguze siagi?"

Siagi iache, dada. Shida iko kwenye ute. Yai la kawaida la gramu 50 hivi lina ute kama gramu 33, na karibu wote ni maji na protini. Ndani ya oveni maji yale yanageuka mvuke na kuvimbisha donge, kisha protini inashika na kulikausha likiwa limeinuka. Hiyo ndiyo keki yako. Kiini kina maji nusu tu na mafuta karibu theluthi, kwa hiyo kuki inabaki nzito, yenye unyevu, ya kuvutika kidogo ukiikata.

Tumia yai moja zima na kiini kimoja. Umeondoa ute mmoja, yaani karibu vijiko viwili vya chakula vya maji. Donge likikataa kushikana, ongeza kijiko cha chai cha maziwa. Toa kuki katikati pakiwa bado pateketeke.

Mimi nilijaribu ute mtupu nikiwa na uliobaki: ziliinuka vizuri, kesho yake zikawa kavu kabisa.

Kaka mmoja anasema kosa ni la beking poda, naye ana nusu ya ukweli: ikizidi, zitavimba hata kwa kiini. Ila sukari ya kahawia na kiini, kipi kinachangia zaidi kuki kutafunika? Bado nabishana na dada yangu.