Kiini cha makala ya kiufundi kitangulie

"Makala yangu kuhusu hoja ya PostgreSQL inayochelewa kwa sababu ya `lower(email)` ina aya nne za utangulizi: maana ya hifadhidata, historia yake, faharasa ni nini, na dalili za tatizo. Nikate wapi?"

Ndugu, itafute sentensi ya kwanza ambayo msomaji mwenye tatizo hilo hakuijua kabla. Kwako ni ile isemayo kwamba faharasa ya kawaida ya safu ya `email` haisaidii hoja inayochuja kwa `lower(email)`, hivyo inahitajika faharasa ya usemi huo wenyewe. Fungua makala kwa sentensi hiyo, na amri ifuate papo hapo:

```sql
CREATE INDEX ON watumiaji (lower(email));
```

Maana na historia zifute. Maelezo ya faharasa, ambayo kwa maoni yangu yana thamani, yahamishie chini ya amri, mahali ambapo msomaji ataanza kujiuliza kwa nini faharasa ya awali haikutosha. Dalili zibaki juu kwa sentensi moja tu, kwamba `EXPLAIN` inaonyesha `Seq Scan` ilhali faharasa ipo, kwa sababu hiyo ndiyo inayomthibitishia msomaji kwamba tatizo lake ni hili hili. Ukishapanga upya, kagua virejeleo kama "tulivyoona hapo juu", ambavyo sasa huenda vinaelekeza kwenye aya uliyoifuta.