Kushindilia mzinga wa meli: nani alifanya nini?

Swali: Nimeona mizinga ya zamani Fort Jesus, Mombasa. Nasikia melini mzinga mmoja ulihitaji zaidi ya watu kumi. Wote hao walikuwa wanafanya nini, na mzinga ulishindiliwaje hatua kwa hatua?

Jibu: Tuchukue mzinga wa ratili 32 wa jeshi la majini la Uingereza, kama ile 30 iliyokuwa sitaha ya chini ya manowari HMS Victory mwaka 1805. Ratili 32 ni uzito wa tufe lake la chuma, yaani kilo 14.5 hivi. Mzinga wenyewe unapita tani 2 na nusu, mbali na gari la mbao linaloubeba. Ukishalijua hilo, nusu ya swali lako imejibika: mzinga huo ulikuwa na watu 14, na wengi wao walikuwa wavuta kamba. Kushindilia kwenyewe kulishikwa na wachache.

Mkuu wa mzinga alisimama nyuma, akilenga na kufyatua. Msaidizi wake alisimama karibu na tundu la kuwashia. Mdomoni walikuwa wawili, msafishaji na mshindiliaji, kila mmoja na wa kumpokeza vifaa. Waliobaki walishika kamba za makapi ubavuni na mitaimbo ya kuinulia kitako. Zaidi ya hao kulikuwa na kijana wa baruti, aliyeleta mfuko mmoja mmoja ndani ya kopo lenye kifuniko. Baruti haikurundikwa kando ya mzinga.

Tuanzie pale mzinga umekwisha kulia na kurudi nyuma hadi kamba nene ya kuuzuia ikakaza. Msaidizi anaziba tundu la kuwashia kwa kidole gumba kilichovikwa ngozi. Kama kuna mabaki ya mfuko, yanatolewa kwa kulabu ya msokoto. Kisha msafishaji anaingiza mti wenye kichwa cha manyoya ya kondoo yaliyoloweshwa, anaufikisha mwisho, anauzungusha na kuutoa.

Kidole hicho ndicho roho ya kazi yote. Mti unaposukumwa ndani, hewa iliyo mbele yake hutafuta pa kutokea. Tundu likiwa wazi, hewa hupita pale kama pumzi ya mvukuto na kuchochea kipande cha kitambaa kinachofuka. Mfuko mpya ukifika juu ya kaa hilo, baruti inalipuka ilhali mshindiliaji bado ameshika mdeki, yaani mti wa kushindilia, mdomoni. Kwa hiyo kidole hakiondoki mpaka mfuko umekaa.

Mfuko wa flaneli, wenye baruti ratili 10 au 11 kwa mpigo kamili, unaingizwa kwanza na kushindiliwa. Mkuu anapitisha sindano tunduni. Akihisi kitambaa, anajua umefika. Linafuata tufe, kisha kizibo cha kamba chakavu zilizosokotwa, na mdeki unashindilia tena. Kizibo kina kazi kubwa kuliko sura yake: tufe ni dogo kidogo kuliko upana wa ndani wa mzinga, hivyo meli ikilala ubavu linaweza kubingirika kuelekea mdomoni. Likiachana na baruti, mlipuko unaweza kuupasua mzinga wenyewe. Hatari ni ileile tufe lenye kutu likikwama katikati. Dalili iko kwenye mdeki: alama yake haifiki mdomoni, mti umebaki nje zaidi ya kawaida. Hapo mzinga haupigwi.

Sasa wavuta kamba wanausogeza mpaka mdomo utokeze nje ya dirisha. Mkuu anatoboa mfuko kwa sindano, anaweka tunduni baruti laini au mrija mdogo uliojazwa baruti hiyo, kisha analenga: mitaimbo inainua kitako na kabari inasukumwa au kuvutwa. Anarudi nyuma kupita mwisho wa gari, wote wanatoka njiani, anasubiri meli ipande au ishuke kwenye wimbi, halafu anavuta kamba ya kifyatulio cha gumegume. Utambi unaowaka ulikuwapo kwenye ndoo kwa siku ambayo jiwe lingegoma.

Usipolia, hakuna anayeukaribia kwa mbele wala kukaa nyuma yake. Moto unaweza kuwa unatambaa ndani polepole, kwa hiyo wanangoja kwanza ndipo watoboe na kuweka baruti upya.

Kikosi kilichozoea kilipiga mpigo mmoja kwa dakika moja na nusu hivi, mwanzoni. Baadaye watu walichoka, na chuma kikishapata moto mzinga uliruka nyuma kwa nguvu zaidi, ndiyo maana baruti ilipunguzwa. Ilipunguzwa pia wakiweka matufe mawili kwa mpigo mmoja. Na meli ikizingirwa pande zote mbili, kikosi hichohicho kiligawanywa kati ya mzinga wa kulia na wa kushoto, kamba zikabaki na mikono michache.