Gemu ya saba, au kwa nini usihangaike kuiongezea gemu mashine ya tenisi

Juzi kijana mmoja wa Tanga kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nina mashine ya gemu aliyoiacha babu, ina gemu sita, nyingi kama tenisi. Nataka kuiongezea nyingine. Nianzie wapi?" Akaambatanisha picha ya bodi. Nikacheka, halafu kicheko kikakata, maana bodi ile naijua. Mwaka 2009 nilikuwa nayo mezani kwangu na ilinitia aibu mbele ya watu.

Ya kwangu aliileta mjomba, baharia, kutoka Hamburg. Kisanduku cha plastiki, vishikio viwili vya kuzungusha, na waya wa kuchomeka pale pa antena ya runinga. Wakati huo najifunza ufundi redio, na nilijiona nimeshaiva. Nikasema mashine hii nitaitia gemu ya mpira yenye wachezaji 11 kila upande. Nikaifungua. Ndani kuna chipu moja kubwa ya miguu 28, imeandikwa AY-3-8500, na pembeni yake rezista, kapasita, chipu ndogo ya kuchanganya ishara na kijisanduku cha bati kinachorusha picha kwenye chaneli ya runinga. Basi.

Wiki tatu nilitafuta mahali gemu zilipohifadhiwa. Nilijua mashine yoyote ya gemu lazima iwe na kumbukumbu, na ndani ya kumbukumbu mna programu. Nikapima mguu mmoja baada ya mwingine. Sikuiona.

Siku moja waya wa swichi ya kuchagulia gemu ukachomoka. Nikawasha hivyo hivyo, na kwenye runinga ikatokea gemu ambayo sikuwahi kuiona: kama hoki, ila mchezaji wa kulia ana vibao vitatu na wa kushoto viwili. Nikaamini nimeitengeneza mimi! Nikawaita vijana wa mtaa mzima, nikasimama mbele ya runinga nikaeleza nilivyoifikia kwa utafiti. Fundi aliyekuwa ananifundisha akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuleta karatasi za ile chipu. Akasema, "Hukuongeza kitu. Umekata waya." Watu walicheka mpaka nikafunga duka la watu mapema. Mpaka leo wako wanaoniita "Gemu ya Saba".

Fundi alisema kweli. Chipu ile, iliyotolewa na kampuni ya Marekani General Instrument mwaka 1976, haina programu hata mstari mmoja. Mpira ni saketi. Kibao ni saketi. Kuhesabu pointi mpaka 15 ni saketi. Kuna mguu unaotoa picha ya mpira, mguu wa mchezaji wa kushoto, wa kulia, na wa mistari ya uwanja pamoja na pointi, vyote vinachanganywa nje vikawa picha moja. Kila gemu kati ya zile sita ina mguu wake. Ukiugusisha na hasi, gemu hiyo inaamka. Usipougusa hata mmoja, inaamka ile ya saba ambayo haikuandikwa kwenye maelezo. Gemu zilichongwa kiwandani ndani ya silikoni. Kutaka kuongeza moja ni sawa na kutaka kuagiza chipu mpya kiwandani.

Na hapo ndipo jibu la swali kubwa lilipo, kwa nini mashine hizi zilitoweka zikaja zile za kaseti, yaani kijisanduku chenye gemu unachokichomeka na kukichomoa. Wengi wanakwambia watu walichoka na tenisi. Ni kweli, lakini hadithi haiishii hapo. Aliyebanwa zaidi alikuwa mtengenezaji.

Fikiria hali ilivyokuwa Marekani mwaka 1976. Mwaka mmoja nyuma kampuni ya Atari ilikuwa imeuza Pong, tenisi yake ya runinga, kwa matumizi ya nyumbani kupitia maduka ya Sears kwa karibu dola 100. Ikaja AY-3-8500, ambayo kampuni yoyote ingeweza kuinunua kwa dola chache na kuizungushia plastiki. Coleco walitoa Telstar kwa dola 50 hivi na wakauza kiasi cha mashine milioni moja. Baada yao wakaja wengine kwa mamia, Ulaya na Amerika, na ndani ya karibu kila kisanduku mlikuwa na chipu ile ile. Sasa wewe mwenye kiwanda utamwambia nini mteja? Gemu zako ni zile zile za jirani. Kilichobaki ni kupunguza bei. Na ukishamuuzia, humwoni tena, kwa sababu huna cha kumuuzia isipokuwa kisanduku kingine kizima. Ndivyo walivyofanya: kisanduku cha tenisi, kisanduku cha pikipiki, kisanduku cha vifaru. Kila wazo jipya lilidai chipu mpya, plastiki mpya na kijisanduku kipya cha kurushia picha. Mwaka 1977 soko likafurika, madukani zikauzwa kwa bei ya kutupa.

(Nisimalize bila kumjibu mtu ambaye najua atasema kaseti zilianza na Magnavox Odyssey ya 1972. Nimeshabishana naye. Zile zilikuwa kadi za kuunganisha nyaya tu. Ukiichomeka, unaziambia saketi zilizomo ndani zishikamane hivi badala ya vile. Kadi yenyewe haikubeba gemu.)

Njia ya kutokea ilianzia kwenye kampuni ndogo ya Connecticut, Alpex, ambako Wallace Kirschner na Lawrence Haskel walitengeneza mfano wa mashine yenye prosesa, chipu inayofuata maagizo ya programu, na gemu ikakaa kwenye kumbukumbu ya kuchomoa. Walitumia prosesa ya Intel 8080, iliyokuwa ghali kwa kifaa cha nyumbani. Fairchild, waliokuwa na prosesa yao wenyewe ya F8, wakanunua haki ya kuitumia kazi ile, na mhandisi wao Jerry Lawson akaongoza kuigeuza iwe bidhaa. Novemba 1976 ikatoka kwa dola 169.95, baadaye ikaitwa Channel F. Kaseti zake za njano zilikuwa dola 20 hivi kila moja. Wakaacha hoki na tenisi ndani ya mashine, nadhani kwa hofu ya mteja aliyezoea kuwasha na kucheza.

Usidhani kutoboa tundu la kaseti kwenye plastiki kulikuwa kazi rahisi. Mpaka hapo chipu ya kumbukumbu ilikuwa kitu cha kuchomelewa kwenye bodi kikae humo milele. Sasa inashikwa na mtoto aliyetoka kuburuza miguu kwenye zulia, mwenye umeme tuli wa kutosha kuiua. Pini zake zinasuguliwa kila siku, na kina Lawson hawakuwa na takwimu za mtu yeyote aliyewahi kuchomeka na kuchomoa kitu kama hicho mara nyingi hivyo. Tena prosesa inapiga kelele za redio zinazochafua runinga za majirani, na FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, haikuwa na mzaha. Mashine ikafungiwa ndani ya gamba la alumini. Mimi mwenyewe nimeua kaseti mbili kwa vidole vyangu mwezi wa Januari, kiyoyozi kimekausha chumba. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kwanza. Nimeshasema hilo humu mara ngapi?

Lakini Channel F haikushinda, na hapa ndipo vijana mnapopotea mkidhani tundu ndilo lililoleta ushindi. Tundu linalipa pale tu ambapo mashine inaweza kuchezesha gemu ambayo aliyeiunda hakuiwaza. Hilo nililielewa kwa Atari VCS, mashine ya kaseti ya 1977, baada ya binamu yangu wa Leicester kunitumia moja mbovu nikaifufua. (Ndiyo, niliifufua, na yule fundi wangu alikuja kuiona.)

Chipu yake ya picha, TIA, iliundwa kwa gemu mbili vichwani mwa wahandisi: tenisi na vifaru. Ina wachezaji wawili, risasi mbili, mpira mmoja na uwanja. Kumbukumbu ya kazi ni baiti 128, wala haina ya kuhifadhi skrini nzima. Kwa hiyo programu iliyomo kwenye kaseti ndiyo inayoichora picha, mstari kwa mstari, runinga ikiwa inakimbia. Ni mateso kuiandikia. Ila kwa sababu hiyo hiyo, anayeandika anaweza kubadilisha umbo la mchezaji kila mstari, na TIA inaruhusu kila mchezaji arudiwe mara tatu kwa safu. Wachezaji wawili mara tatu ni sita. Fanya safu sita, una wavamizi 36. Hiyo ndiyo Space Invaders ya Atari ya mwaka 1980, kwenye mashine ya miaka mitatu nyuma ambayo hakuna aliyegusa waya wake hata mmoja. Watu walinunua mashine kwa ajili ya kaseti ile. Mwenye kisanduku cha AY-3-8500 mwaka huo alikuwa bado na tenisi yake.

Tundu lilikuwa na uchungu wake pia. Mwaka 1979 waandishi wanne wa gemu waliondoka Atari wakaanzisha Activision pamoja na Jim Levy, wakauza kaseti zao kwa mashine ya Atari bila kuitengeneza mashine. Mlango ukishaufungua, huchagui tena nani apite.

Basi kijana wangu wa Tanga, ushauri: kabla hujafungua chochote, hesabu chipu. Ukikuta moja kubwa na hakuna kumbukumbu, acha. Ukitaka kuandika gemu, tafuta mashine ya kaseti. Narudia, ya kaseti. Mimi kaseti yangu ya kwanza ya Atari niliichoma kwenye EPROM ya 2716, chipu ya kumbukumbu unayoweza kuiandika mwenyewe, baiti 2,048, na ikanipa skrini nyeusi siku nne, kwa sababu Atari huiamsha kaseti kwa ishara ya juu na EPROM huamka kwa ishara ya chini. Weka chipu ya 7404 katikati iigeuze. Siku ilipowaka nilikuwa peke yangu, sikumwita mtu.

Na ile ya babu usiitupe. Sogeza swichi ya kuchagulia gemu ikae katikati ya nafasi mbili, taratibu, mpaka isiguse popote. Kisha kaa upande wa kulia.